BARAFU HAINGOJI: TUNACHOIBIWA KWA LANGO LA UWANJA



Sisi ni vijana tuliomaliza masomo ya juu na tunauza maji baridi kwa mpira. Tunasema hivyo wazi tangu mwanzo, juu kuna wanaofikiri tutaficha. Kati yetu kuna mwenye lisanse ya uchumi, kuna aliyesoma sheria, kuna aliyesoma kilimo. Siku ya mechi hapa Lubumbashi wote tunabeba glasiere, yaani lile sanduku la barafu lenye kifuniko, tunaenda uwanjani na maji, sukre na karanga. Hatuandiki haya ili mtuhurumie. Kazi hii si aibu, na tulichojifunza shuleni kinatusaidia kuifanya vizuri. Tunaandika kwa sababu kuna watu kwa lango wanaoila kazi yetu kabla hatujauza hata chupa moja, na tumegundua kwamba feza wanazotoza si sehemu kubwa ya wizi wenyewe. Sehemu kubwa ni saa wanazotuzuia.

Hatutataja uwanja, wala klabu, wala jina la mtu. Tatizo lenyewe halina lango moja, na mtu mmoja akiondolewa kesho mwingine atakaa pale pale na kusema maneno yale yale. Tunachotaka kibadilike ni utaratibu.

Kwanza muelewe glasiere ni kitu gani. Wengi wanaona sanduku tu. Kwetu sisi ni saa inayotembea. Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka yote, inaweza kushusha karibu litre nne za maji kutoka joto la chumbani hadi ubaridi ambao mnunuzi anausikia kwa mkono na kusema "hii ni baridi." Haiendi mbali zaidi ya hapo. Ukiingiza ndani litre 26 za vinywaji vilivyolala nje usiku, kilo sita na nusu hivi za barafu zinakwisha kwa kupoza tu. Kinachobaki ndicho cha kulinda ule ubaridi mpaka mwisho wa mechi. Mwenye friji nyumbani analaza chupa ndani usiku, asubuhi zinaingia kwa glasiere tayari baridi, na barafu yake yote inabaki ya kulinda. Lakini mnajua umeme wetu. Usiku ukikatika, friji ni kabati. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza siku tukiwa tayari tumeshakula barafu yetu.

Kisha kuna jua. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijakaza, jua la Lubumbashi halina mchezo. Glasiere iliyofungwa, iliyowekwa kivulini na kufunikwa gunia lililoloweshwa maji, inaweza kushika ubaridi toka asubuhi hadi jioni. Ile ile, ikiwekwa juani na kifuniko wazi, inakufa mbele ya macho yako. Kila mara kifuniko kinapofunguka, hewa ya moto inaingia na barafu inalipa. Hata sisi wenyewe tukiuza tunafungua kidogo, mkono unaingia, unatoka, tunafunga. Muyashike haya akilini, maana sasa tunaenda kwa lango.

Tutawaeleza siku moja ya dada mmoja wa kundi letu. Ni yeye aliyesoma uchumi, kwa hiyo anaandika kila kitu kwa daftari, na ametupa ruhusa ya kutumia hesabu zake. Jina lake tunalibakiza kwetu.

Siku ile alinunua pakiti tatu za maji ya chupa ya nusu litre, kila pakiti chupa 12, kwa franga 6.000 pakiti. Ni chupa 36, franga 18.000. Alinunua sukre 24 za chupa ndogo ya plastiki, franga 800 kila moja, jumla 19.200. Karanga za franga 5.000 alizikaanga mwenyewe, akafunga vikaratasi 30. Barafu kilo 8, franga 8.000. Usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na mzigo, 4.000. Ukijumlisha yote ni franga 54.200. Sehemu ya feza hizo aliikopa kwa shangazi yake.

Bei yake ilikuwa franga 1.000 kwa maji, 1.500 kwa sukre, 300 kwa karanga. Akimaliza vyote anapata 81.000. Toa 54.200, zinabaki 26.800. Hiyo ndiyo faida ya siku nzima, tena ya watu wawili, juu sanduku lenye vinywaji litre 26 na barafu kilo 8 mtu mmoja halibebi. Mdogo wake alishika upande wa pili. Basi ni franga 13.400 kwa kila mmoja, kwa kazi iliyoanza siku moja kabla na kumalizika usiku. Na hiyo ni kama hakuna chupa iliyobaki.

Mechi ilipangwa kuanza saa tisa na nusu. Kwa kazi hii mpira wenyewe si saa ya kuuza. Mchezo ukianza watu wanatazama, na ukipita mbele ya macho ya mtu wakati wa kona utatukanwa. Tunauza wakati watu wanaingia, wametembea juani, wanatafuta nafasi ya kukaa, wana kiu na bado wana franga mfukoni. Tunauza tena zile dakika 15 za mapumziko. Tunauza kidogo mwishoni wakati watu wanatoka. Anayekosa ile saa na nusu ya kwanza amekosa soko lenyewe.

Dada yetu alifika kwa lango saa saba na nusu. Mtu wa kwanza akamwambia, "Mama, leta tatu elfu ya nafasi." Alipofungua pochi, wa pili akasema ya nafasi ni ya yule, yeye ni wa usafi, wake ni elfu mbili. Wa tatu alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki. Huyo akasema usalama ni elfu tano. Jumla elfu kumi.

Dada yetu hakukataa kulipa. Sikieni vizuri hapo. Aliuliza neno moja tu: "Resi iko?"

Basi. Yule wa kiti akacheka. "Ah, kumbe weye ni mwanafunzi! Wekeni ile glasiere kule, tutaikagua." Ikawekwa pembeni ya ukuta upande wa jua. Kifuniko kikafunguliwa "juu ya kontrole" na kikaachwa wazi. Wauzaji wengine walikuwa wanapita, wanaingiza mkono mfukoni, wanasalimia, wanaingia. Hakuna aliyefunguliwa sanduku. Dada yetu akaomba angalau afunge kifuniko. Wakamwambia, "Sisi hatuna haraka. Barafu yako ndiyo iko na haraka."

Hilo neno tumelibeba mpaka leo. Mtu yule hakusoma hesabu ya barafu popote, lakini anaijua kuliko sisi. Anajua kwamba hahitaji kukupiga, hahitaji kukunyang'anya, hahitaji hata kupandisha sauti. Anahitaji tu kungoja. Jua linafanya kazi kwa niaba yake.

Alingoja saa mbili. Maofisa hao walichukua maji mawili na sukre moja, wakanywa mbele yake. Watu walipopiga kelele ya kwanza ndani, mpira ukiwa umeanza, akalipa zile elfu kumi, bila resi, akaingia.

Jioni daftari lilisema hivi. Maji aliuza 22, ni franga 22.000. Sukre aliuza 11, ni 16.500. Karanga aliuza 20, ni 6.000. Jumla 44.500. Alikuwa ametumia 54.200 na zile 10.000 za lango, yaani 64.200. Nyumbani alirudi na maji 12 na sukre 12, bidhaa ambazo alizinunua franga 15.600 na zinaweza kuuzwa siku nyingine. Karanga kumi zililiwa na watoto. Hata ukimhesabia bidhaa zile zilizobaki, amepoteza franga 4.100. Aliondoka nyumbani alfajiri, akabeba mzigo na mdogo wake, akachomwa na jua, akarudi na deni.

Sasa tufanye hesabu ambayo watu wa lango hawapendi. Kama angalilipa elfu kumi papo hapo bila kuuliza kitu, akaingia saa saba na nusu na kumaliza sanduku, angalibaki na 16.800. Badala yake alipoteza 4.100. Tofauti ni franga 20.900. Ukiweka mbali zile chupa tatu walizokunywa, tofauti yote karibu inatoka kwa saa mbili za kungoja. Maana yake ni kwamba kungojeshwa kulimgharimu mara mbili kuliko feza alizotozwa. Elfu kumi ndiyo tunayoiona na kuipigia kelele. Elfu ishirini inayeyuka kimya, inatiririka chini ya sanduku, na hakuna anayeiita jina lake.

Na iliadhibu nini? Hakuadhibiwa kwa kukataa kulipa. Aliadhibiwa kwa kuuliza resi. Wote waliolipa kimya waliingia. Ndiyo maana tunasema kwamba kule kwa lango kuna bei mbili. Kuna bei ya kuingia na kuna bei ya kuuliza swali, na bei ya swali ndiyo kubwa. Muuzaji aliyeonja ile ya pili mara moja hataonja tena. Mechi inayofuata atalipa na macho chini, na atamfundisha mdogo wake vile vile. Hivyo ndivyo watu wanavyofunzwa unyonge, kwa glasiere moja baada ya nyingine.

Tunajua majibu yatakuja. Tuyachukue moja moja.

Watasema: "Biashara lazima ilipe kodi." Ndiyo. Hatujawahi kusema hapana. Sheria-amri namba 79-021 ya tarehe 2 Agosti 1979 inayopanga biashara ndogo inamtaka mfanyabiashara mdogo awe na patenti, na inahifadhi biashara hiyo kwa Wakongomani. Sisi ni Wakongomani na tuko tayari. Mwenye uwanja akisema anakodisha nafasi ndani ya ukuta wake, aseme bei na atupe karatasi. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na ushuru wa majimbo, miji na komine una orodha yake ndani ya sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Mtu anayetutoza atuonyeshe jina la ushuru wake. "Ya bosi" si jina la ushuru. Na afisa wa serikali anayedai kitu akijua hakidaiwi, kitabu cha sheria ya makosa, kifungu cha 146, kinamwita mkosaji. Hatukuandika sisi kifungu hicho. Ni cha nchi.

Watasema: "Ni juu ya usalama." Hapo pia kuna ukweli, na tutausema kuliko wao. Chupa ya kioo haifai kabisa kuingia uwanjani. Timu ikifungwa bao la dakika ya mwisho, chupa ile inakuwa jiwe. Pombe nayo hatutaki kuibeba. Ndiyo maana sisi tunauza plastiki peke yake, na mtu akiagiza sukre ya chupa ya kioo tunamwambia hatuna. Lakini kukagua kama ndani kuna kioo ni kazi ya dakika mbili: unafungua, unapitisha mkono, unafunga. Siku ile sanduku lilikaa wazi saa mbili na hakuna aliyepitisha mkono ndani isipokuwa kuchagua cha kunywa.

Watasema: "Ni juu ya usafi." Wandugu, hapa tunataka tuwe wakali, hata kwetu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo ukaguzi wa kweli ungekuwa na maana. Tatizo la usafi kwa kazi yetu ni barafu yenyewe. Kugandisha maji hakuyasafishi. Maji machafu yakiganda ni barafu chafu, na mdudu wa kolera anaweza kulala ndani ya barafu akaamka inapoyeyuka. Mteja anayenunua maji ya kifuko anakipasua kwa meno. Kama kifuko kile kimeoga ndani ya barafu iliyotoka mtaroni, maji ya ndani ni safi lakini midomo imeshakunywa ya nje. Shingo ya chupa nayo ni vile vile.

Dawa yake ni rahisi na tunaifanya. Hatumwagi tena barafu ya vipande juu ya vinywaji. Tunachukua chupa tupu za litre moja na nusu, tunajaza maji na kuacha nafasi ya vidole vitatu juu, maana maji yakiganda yanavimba na chupa iliyojaa hupasuka. Tunafunga, tunagandisha, na chupa hizo ndizo barafu yetu. Zikiyeyuka, maji yanabaki ndani ya chupa. Hayagusi kitu, na kesho yanagandishwa tena. Umeme ukitunyima nafasi ya kugandisha na tukalazimika kununua barafu ya vipande, tunaifunga ndani ya mifuko ya plastiki, na kila chupa tunaifuta kwa kitambaa safi kabla ya kumpa mteja. Ubaridi unapungua kidogo, kwa sababu maji ya barafu yaliyozunguka chupa huipoza haraka kuliko mfuko mkavu. Tunakubali hasara hiyo. Sasa tuulize: yule wa elfu mbili ya usafi, ni lini aliwahi kumwuliza muuzaji barafu yake imetoka wapi? Hajauliza hata siku moja. Muuzaji mwenye barafu chafu na elfu mbili anaingia. Mwenye barafu safi na swali anabaki nje. Huo si usafi, na siku kolera itakapoingia jukwaani feza zile hazitamtibu mtu.

Na wengine, hata ndani ya familia zetu, watasema: "Ninyi wenye diploma, acheni mambo ya glasiere, tafuteni kazi ya kweli." Baba, mama, tumetafuta. Bahasha tumepeleka mpaka tumechoka kununua bahasha. Lakini sikilizeni: hata kesho tukipata ofisi, mama mwingine atabeba sanduku lile na atakuta watu wale wale kwa lango. Hatupiganii kuondoka kwa kazi hii. Tunapigania kazi hii iwezekane.

Sasa tuwaambie tulichojaribu, pamoja na pale kilipoishia. Mechi moja baada ya ile ya dada yetu, tulienda saba pamoja. Tulifika mapema, saa sita, wakati hakuna foleni. Tuliweka masanduku yote kivulini, magunia yaliyolowa juu, vifuniko vimefungwa kwa kamba. Mmoja alishika daftari na kalamu. Walipokuja kusema "leteni," sote saba tukasema kwa pamoja na kwa heshima, "Tutalipa, wakubwa. Tunaomba resi, na tunaandika jina la ushuru." Mwenye daftari akaandika saa. Wakatuzungusha kidogo, wakatazamana. Saba wakiuliza pamoja ni vigumu kuwaweka wote juani, na watu wanaopita wanaanza kuuliza kuna nini. Baada ya dakika 20 tulitozwa elfu tatu kila mmoja, ya nafasi peke yake, tukaingia. Usafi na usalama vilisahaulika ghafla. Resi hatukupata.

Mechi iliyofuata walikuwa wamejifunza. Walituambia lango letu ni lile la nyuma, na la nyuma lilikuwa limefungwa. Tulipoteza saa nzima. Hatutawadanganya kwamba daftari ni uchawi. Wawili kati yetu waliacha siku ile, juu deni la barafu halikuruhusu kupigana tena, na hatuwalaumu. Lakini sasa tunayo maandishi: siku, saa ya kufika, saa ya kuingia, kiasi, na jina walilolipa ushuru ule. Mtu akikuambia "ninyi mnasingizia," unamfungulia ukurasa.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza: bei ya kuuza uwanjani ibandikwe kwa lango, kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, ikiwa na jina la ushuru, kiasi chake, na anayeupokea. Kisichobandikwa kisidaiwe.

La pili: kuwe na meza moja, malipo moja, resi moja yenye namba. Meza hiyo ifunguliwe kabla ya milango ya watazamaji kufunguliwa. Muuzaji mwenye resi asimamishwe tena na mtu mwingine.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote: glasiere isitumike kama rehani. Ukaguzi ufanyike kivulini, sanduku lifunguliwe mbele ya mwenyewe, lifungwe mara moja. Kama kuna mabishano juu ya malipo, andikeni jina na namba ya kitambulisho cha mtu, mumwache aingie, mabishano yaendelee baada ya mechi. Mtu ana anwani, mnaweza kumtafuta. Barafu haina anwani.

La nne: ukaguzi wa usafi uwe wa usafi. Ulizeni barafu imetoka wapi, imefungwa vipi, mikono ina hali gani. Atakayekutwa na barafu iliyomwagwa juu ya vifuko arudishwe nyumbani, hata akiwa ni mmoja wetu, hata akiwa na elfu kumi mkononi.

Kwa wenzetu wanaouza: lipeni kinachodaiwa kwa haki, na kisicho na jina muulize pamoja, kamwe si peke yako. Fungeni vifuniko. Andikeni saa. Msitukane mtu, msimpige mtu, hata akinywa maji yako mbele yako. Anataka ufanye hivyo ili sanduku lako liwe ushahidi wa fujo.

Kwa ninyi watazamaji, tunaowauzia kila wiki: mkiona glasiere imekaa juani pembeni ya lango na mwenyewe amesimama kando yake, msipite tu. Simameni dakika moja, mwulize afisa: "Huyu amekosa nini?" Hilo swali likitoka kwa mdomo wa muuzaji linagharimu saa mbili. Likitoka kwenu ni bure.

Na kwa wale wa lango, tunaowajua kwa sura na ambao wengine ni majirani zetu: tunajua na ninyi mshahara hauji, au unakuja nusu. Basi dai mshahara wako kwa yule anayekudai kazi. Usiutoe ndani ya sanduku la mtoto wa jirani yako.

Mechi ijayo tutakuwa pale saa sita, na daftari jipya.